Namna ya kumpa alama aliyejibu "Mambo" au "Nina shida": joto, ufupi na swali moja

Kazi yangu ni kukagua chati. Watu wa dawati la huduma wanajibu meseji za wateja, afu mi napita nyuma yao nasoma walichojibu na kukipa alama, na nikuambie ukweli, meseji zinazonipa kazi sio zile ndefu zenye hasira, ni zile fupi ambazo hazijasema kitu bado. "Habari." "Mambo." "Nina shida." "Oda yangu vipi." "Samahani naomba kuuliza", afu kimya. Mteja akiuliza swali kamili, kukagua ni rahisi, jibu ni sahihi au sio sahihi na mmemaliza. Ila "Nina shida" haina jibu sahihi, kwa hiyo wakaguzi wengi wanaishia kutoa alama kwa kuangalia kama jibu limekaa vizuri machoni, na hapo ndo kila mtu anapata alama nzuri na hamna anayejifunza chochote.

Kitu unachopima hapa ni kimoja tu: je, jibu hili limemrahisishia mtu kusema shida yake kwenye meseji inayofuata? Vigezo vinavyobeba hicho kitu ni vitatu, joto, ufupi, na swali moja linalosaidia. Viwili vya kwanza ni vyepesi kupima na ni vyepesi kufundisha. Cha tatu ndo roho ya kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwenye vingine.

Hatua ya 1: Soma meseji ya mteja peke yake kwanza

Kabla hujafungua jibu, chukua meseji ya mteja uandike mistari mitatu mifupi pembeni. Wa kwanza, ameshasema nini. Wa pili, bado hatujui nini. Wa tatu, aliyejibu alikuwa anaona nini kwenye skrini yake wakati ule, yaani jina la mteja, oda zake, mazungumzo ya nyuma, au hakuwa anaona chochote.

Huo mstari wa tatu watu wanauruka sana na ndo unaoharibu alama, nitaonyesha mbele.

Utagundua haraka kwamba meseji hizi hazifanani. "Habari" haijasema kitu kabisa. "Nina shida" imesema kuna tatizo lakini haijasema la nini. "Nina shida na akaunti" imeshakupa mlango mmoja kati ya mingi. "Nyie mnanichosha" imekupa hisia bila habari. Kila moja inadai jibu la aina yake, kwa hiyo ukizipima zote kwa jibu moja la mfano lililobandikwa ukutani utakuwa unamuonea mtu.

Na kama meseji fupi ina dalili ya hatari, mtu anasema ameumia au anatishiwa, hiyo itoe kwenye fungu kabisa. Haipimwi kwa vigezo hivi hata kama ina maneno mawili tu.

Hatua ya 2: Tumia 0, 1 na 2, achana na kumi

Nilianza na alama kumi kwa kila kigezo. Baada ya wiki kadhaa nikacheki faili langu nikakuta karibu kila mtu ana saba, na nilipojiuliza saba na nane zina tofauti gani sikuwa na la kujibu. Ukiwa na ngazi tatu tu unalazimika kuandika kila ngazi inaonekanaje kwa maneno, na maneno hayo ndo yanayokulinda siku mtu akija kuuliza kwa nini umempa moja.

Swali linahesabika mara mbili, kwa sababu jibu lenye joto na fupi lisilo na swali la maana linamwacha mteja pale pale alipokuwa. Kwa hiyo jumla inakuwa 8. Ukiwa na safu ya B kwa joto, C kwa ufupi na D kwa swali, fomula ni hii:

```
=B2+C2+2*D2
```

Hatua ya 3: Joto

Angalia kwanza salamu. Kwa Kiswahili salamu ni swali linalosubiri jibu lake, mtu akisema "Mambo" anasubiri "Poa", akisema "Shikamoo" anasubiri "Marahaba", na jibu likiruka hapo moja kwa moja kwenda kwenye kazi mtu anasikia ubaridi hata kama maneno yaliyofuata yana adabu zote. Na irudishwe kwa namna ile ile aliyoingia nayo. Aliyesema "Mambo" akijibiwa "Salamu, ndugu mteja" anajiona ameingia ofisi ambayo sio yake.

Afu angalia hisia, kama ipo. Neno kama "jamani", au "nimechoka", au "tafadhali" iliyorudiwa mara mbili, hiyo ni hisia na inahitaji kuguswa kwa neno moja, mara nyingi "pole" inatosha. Kama hamna hisia yoyote usidai pole, maana pole kwa mtu aliyesema tu "Habari za leo" inashtua, ataanza kujiuliza kuna nini.

Mtego wa hapa ni maneno matamu. "Mpendwa mteja wetu wa thamani, tunafurahi sana kukuhudumia" wakaguzi wapya wanaipa 2 bila kufikiri. Fanya jaribio hili: kata mwanzo wa jibu uubandike chini ya meseji nyingine ya mteja mwingine. Ukikaa vizuri vile vile, basi huo mwanzo haukuandikwa kwa ajili ya mtu huyu, na alama yake haizidi 1.

Kwa hiyo 2 ni pale salamu imerudishwa kwa namna ya mteja na hisia imeguswa kama ipo. 1 ni adabu ya jumla inayomfaa yeyote. 0 ni salamu iliyorukwa, au sauti ya kukaripia, zile "Eleza tatizo lako" na "Hujasema unataka nini". Mteja akiingia bila salamu, kaandika "oda" basi, hamna cha kurudisha, "Karibu" inatosha kupata 2. Imoji mi sizihesabu, haziongezi wala hazipunguzi, isipokuwa mtu kaweka uso unaocheka mbele ya mtu aliyekasirika, hiyo inashuka hadi 0.

Hatua ya 4: Ufupi

Hapa sina mengi. Kwenye dawati letu mstari tuliouchora ni sentensi tatu, maneno kama 30 hivi, na nyie mnaweza kuchora wenu, muhimu uwe umechorwa kabla ya kuanza kukagua. Ndani ya mstari na swali likiwa la mwisho kabisa, 2. Ikizidi kidogo, au swali likiwa limezikwa katikati na baada yake kuna sentensi nyingine za shukrani, 1. Mteja akilazimika kusogeza skrini ili amalize kusoma jibu la "Mambo", 0.

Kwa nini swali liwe mwishoni? Kwa sababu mtu anajibu kitu cha mwisho alichokisoma. Ukiuliza halafu ukaongeza "tunashukuru kwa kutuchagua na tupo wazi kila siku", utajibiwa "asante", na hapo umepoteza zamu nzima.

Jambo moja la kuzingatia, kosa moja liadhibiwe mara moja. Jibu la "Sema" ni fupi, lipe 2 ya ufupi na uliadhibu kwenye joto. Ukianza kulikata kila mahali kwa sababu limekuudhi, vigezo vyako vitatu vimegeuka kuwa kimoja.

Hatua ya 5: Swali moja linalosaidia

Sasa tulia hapa.

Swali linapata 2 likitimiza mambo matatu kwa pamoja: ni moja, mteja anaweza kulijibu kwa maneno machache bila kwenda kutafuta kitu, na jibu lake linabadilisha hatua yako inayofuata. Linapata 1 kama ni moja lakini limekosa kimojawapo kati ya hivyo viwili vya mwisho. Linapata 0 kama halipo, kama ni zaidi ya moja, au kama linauliza kitu ambacho mteja ameshakisema au mjibuji anakiona.

Hicho cha kubadilisha hatua inayofuata ndo kinachowatoa watu jasho, kwa hiyo mi nakipima hivi. Naandika majibu mawili tofauti ambayo mteja anaweza kutoa, halafu najiuliza mjibuji atafanya nini kwa kila moja. Chukua "Nina shida na akaunti". Mjibuji kauliza "Umeanza kutumia huduma yetu lini?" Mteja akisema mwaka jana, atafanya nini? Akisema wiki iliyopita, je? Kitu kile kile, atauliza tena shida ni nini. Swali hilo halijasogeza kitu. Mwingine kauliza "Unashindwa kuingia, au umeingia ila kuna kitu hakiko sawa ndani?" Hapo jibu la kwanza linampeleka kwenye mambo ya nywila na namba ya simu iliyosajiliwa, la pili linampeleka kwenye salio au taarifa zake. Njia mbili tofauti, swali moja. Hiyo ni 2.

Swali la kuchagua ni zuri kwa sababu linajibika kwa neno moja, ila lina hatari yake, mteja asipojiona kwenye chaguo lolote anaweza kukubali la karibu ili mradi tu muendelee, na mtapotea wote wawili. Chaguo mbili au tatu zinatosha, na kuongeza "au ni kitu kingine?" mwishoni hakulifanyi kuwa maswali mawili. Chaguo sita ni menyu, na menyu mi naipa 1.

Maswali mawili ndani ya sentensi moja ndo kosa linalojificha kuliko yote. "Ulilipa lini na kwa njia gani?" ina alama moja ya kuuliza lakini ni maswali mawili, na watu wakikutana nayo wanajibu moja, kwa kawaida lile rahisi, afu mjibuji anarudi kuuliza lile lingine na mteja anahisi anahojiwa polisi. Usihesabu alama za kuuliza. Hesabu majibu yanayodaiwa. Kwa upande mwingine, "Nitumie picha ya hiyo skrini" haina alama ya kuuliza kabisa lakini ni ombi moja linalodai jibu moja, kwa hiyo lipime kama swali.

Sasa kuna hili ambalo nilichelewa kulielewa: sentensi ile ile inaweza kustahili 2 mahali pamoja na 0 mahali pengine. "Nikusaidie nini?" chini ya "Habari" tupu ni swali kamili, hamna kitu kilichosemwa, na ukianza kumtajia chaguo unabahatisha tu. Mpe 2 yake. "Nikusaidie nini?" chini ya "Nina shida na akaunti" ni 0, kwa sababu mteja ameshaanza kusema na wewe umemrudisha mlangoni.

Na hii sio sheria ya madawati ya huduma tu. Mwaka 2015 mtafiti wa lugha Mark Dingemanse na wenzake walichapisha utafiti wa mazungumzo ya kawaida ya watu katika lugha 12, wakiangalia mtu anafanyaje asipoelewa alichoambiwa, na wakakuta kwamba watu huchagua swali mahususi zaidi wanaloweza kulitoa. Ile "nini?" ya jumla inabaki kwa wakati ambapo mtu hana pa kushika kabisa, kama amenasa sehemu anauliza ile sehemu iliyobaki. Mteja wako amezoea hivyo maisha yake yote, kwa hiyo ukimuuliza kwa ujumla kitu alichokigusa tayari, anachosikia ni kwamba hukumsoma.

Hatua ya 6: Vitu viwili vinavyofuta alama zote

Jibu likiomba nywila au namba ya siri, jumla ni 0, sijali lina joto kiasi gani. Na jibu likidai kitu ambacho mjibuji hakijui, jumla ni 0 pia. Hili la pili linatokea kwa watu wenye nia nzuri kabisa. Mteja kasema "Oda yangu vipi", mtu anajibu "Pole kwa kuchelewa, mzigo wako upo njiani", na hajacheki chochote, kaona tu kwamba wengi wanaouliza hivyo wamecheleweshewa. Ikitokea ni kweli, sawa, lakini alama haitolewi kwa bahati.

Hatua ya 7: Pitia mfano mmoja kwa mkono

Meseji ya mteja ni hii: "Mambo. Oda yangu vipi jamani". Mistari yangu mitatu: amesema ni oda, na kuna uchovu kidogo kwenye hiyo "jamani". Hatujui ni oda ipi na ina nini. Mjibuji alikuwa anaona kwenye skrini kwamba namba hii ya simu ina oda mbili, moja ya viatu ambayo bado ipo njiani, na moja ya begi ambayo mfumo unasema imeshapokelewa jana.

Jibu la kwanza: "Mpendwa mteja, asante kwa kuwasiliana nasi. Tunathamini sana mawasiliano yako. Tafadhali tutumie jina lako kamili, namba ya simu, namba ya oda, tarehe uliyoagiza na maelezo ya tatizo ili tuweze kukuhudumia kwa haraka zaidi." Joto 0, "Mambo" ya mteja imerukwa. Ufupi 1, limezidi maneno 30 kidogo. Swali 0, madai ni matano. Jumla 1 kati ya 8, na hili ni jibu ambalo sehemu nyingi limeandikwa na wakubwa na kubandikwa kama kiolezo, kwa hiyo usimlaumu aliyelituma peke yake, peleka alama kwa mwenye kiolezo.

Jibu la pili: "Poa! Nikusaidie nini?" Joto 1, salamu imerudi ila "jamani" imeachwa hewani. Ufupi 2. Swali 0, ameshasema ni oda. Jumla 3.

Jibu la tatu: "Poa, pole. Nitumie namba ya oda niicheki sasa hivi." Joto 2, ufupi 2. Swali ndo tulibishana. Mwenzangu tunayekagua naye alilipa 2 na jumla ikawa 8.

"Dada, hili we umelipa nane?"

"Ndio, si kaomba kitu kimoja, na bila namba ya oda atamsaidiaje?"

"Lakini oda zote mbili zilikuwa mbele yake."

"Mbona kwenye faili langu hazipo? Mi naona meseji tu."

Na alikuwa sahihi, kwenye faili lake hazikuwepo. Yeye alikuwa anakagua kana kwamba mjibuji yupo gizani, mimi nakagua kana kwamba anaona, na wote tulikuwa tunasoma kigezo kile kile. Kwa skrini ile, kuomba namba ni kumtuma mteja akatafute kitu ulichonacho, kwa hiyo swali ni 0 na jumla ni 4. Mjibuji angekuwa haoni oda yoyote ningelipa 1, maana ni kitu kimoja na kinasogeza kazi, ila kinamtoa mteja kwenye chati kwenda kukitafuta. Tangu siku hiyo kila meseji kwenye faili letu ina safu ya "alikuwa anaona nini", na mkaguzi asiye nayo haruhusiwi kujaza alama ya swali.

Jibu la nne: "Poa, pole kwa usumbufu. Oda haijafika, au imefika ina kasoro?" Joto 2, ufupi 2. Swali ni moja, linajibika kwa neno moja, lakini jaribu yale majibu mawili: mteja akisema "haijafika", ni viatu ambavyo kweli vipo njiani, au ni lile begi ambalo mfumo unadai limepokelewa na yeye hajaliona? Hizo ni kesi mbili tofauti kabisa, na mjibuji atalazimika kuuliza tena. Swali 1, jumla 6.

Jibu la tano: "Poa, pole kwa usumbufu. Naona una oda mbili, ya viatu na ya begi, unaulizia ipi?" Joto 2, ufupi 2, swali 2, jumla 8. Akisema viatu unampa hali ya mzigo papo hapo. Akisema begi unajua kuna tatizo la upokeaji au la bidhaa yenyewe. Na kuna faida nyingine, mteja ameona kwamba umefungua taarifa zake kabla ya kumuuliza, na hilo lina joto kuliko "mpendwa" kumi.

Hatua ya 8: Panga namna ya kukaa na rundo

Usipitie jibu moja moja ukijaza vigezo vyote vitatu kwa mpigo. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha kwamba maofisa wa jeshi wakipima watu walio chini yao, alama za umbo, akili, uongozi na tabia zilikuwa zinafuatana kupita kiasi, mtu akionekana mzuri kwa jambo moja anapewa uzuri kwenye yote. Hicho hicho kinakupata kwenye chati: salamu tamu inakufanya ulione swali bovu kuwa zuri. Mi napitia rundo zima kwa ajili ya swali kwanza, nikimaliza narudi mwanzo kwa ufupi, halafu joto mwisho kabisa. Majina ya waliojibu yanafichwa, na kila mzunguko nachanganya mpangilio upya.

Hatua ya 9: Wawili wakague yale yale, kisha walinganishe

Chukua majibu kama 40, kila mmoja akague kivyake. Msiridhike na asilimia ya kukubaliana peke yake. Tuseme kwenye joto mnaangalia tu kama jibu limefika 2 au halijafika. We umesema 36 yamefika, mwenzako naye kasema 36. Mmekubaliana yamefika kwa 33, mmekubaliana halijafika kwa 1, na 6 mmepishana. Mmekubaliana 34 kati ya 40, yaani asilimia 85, na inapendeza. Lakini kama kila mmoja wenu anatoa 2 mara tisa kati ya kumi, hata mkijaza kwa kufumba macho mtakubaliana kwa 0.9 × 0.9 jumlisha 0.1 × 0.1, ambayo ni 0.82. Kipimo cha kappa alichokitoa mwanasaikolojia Jacob Cohen mwaka 1960 kinaondoa hiyo bahati:

```
kappa = (0.85 - 0.82) / (1 - 0.82) = 0.17
```

Moja ni kukubaliana kikamilifu, sifuri ni sawa na bahati tu, na nyie mpo 0.17. Maana yake kigezo cha joto kama kilivyoandikwa hakiwasaidii kutenganisha zuri na baya. Kwanza kaeni na yale 6 mliyopishana mtafute yamefanana wapi, mara nyingi ni sehemu moja tu, kwa mfano mmoja anaiona "karibu" kama salamu iliyorudishwa na mwingine haioni hivyo, basi andikeni uamuzi kwenye kigezo. Pili, ongezeni majibu mabaya kwenye sampuli kwa makusudi. Rundo ambalo karibu yote ni mazuri haliwezi kuonyesha kama wakaguzi wanaona kitu kimoja.

Hatua ya 10: Fungua meseji iliyofuata, ila baada ya kutoa alama

Ukishafunga alama zako, sasa angalia mteja alijibu nini. Kama swali ulilolipa 2 limerudisha "viatu" au "begi", sawa. Kama limerudisha "?" au "sijaelewa", rudi usome tena, huenda chaguo zilikuwa za lugha ya ofisi ambayo mteja haijui. Hesabu pia zamu, yaani meseji ngapi za mjibuji zimepita hadi shida ikajulikana, kwa mfano wetu jibu la tano linahitaji moja tu mteja akisema viatu, na la nne linaweza kuhitaji mbili.

Usiangalie kabla, maana ukishajua mteja aliondoka na hasira utaliona jibu kuwa baya hata kama lilikuwa zuri. Na mteja akinyamaza, usimpunguzie mjibuji alama kwa ukimya huo, mtu huyo anaweza kuwa aliitwa, simu ikazima, au alipata alichokitafuta mwenyewe. Sisi ukimya tunauandikia safu yake peke yake, na tunautazama tu pale kiolezo kimoja kinapoandamana na ukimya mara nyingi kuliko vingine. Hapo tunakichukua kiolezo chenyewe tunakirudisha hatua ya 5, tunaandika majibu mawili ambayo mteja angeweza kutoa, na tunaona kama aliyekituma angejua la kufanya kwa kila moja.